Uzi: Kwa nini "vitabu" lakini "maktaba hizi"? Maneno ya mkopo yanavyoingia kwenye ngeli

MtafutaNgeli

Wakuu, habari za humu ndani. Nafundisha Kiswahili watu wazima waliokuja na lugha nyingine kabisa, na juzi nimekwama mbele ya darasa. Mwanafunzi aliandika hivi: "Niliingia ktaba moja, nikasoma vitabu viwili." Nikamwambia ktaba hakuna, ni maktaba, iwe moja ziwe kumi. Akaniuliza: "Mwalimu, ile ki ya kitabu ilikuja na neno lenyewe kutoka Kiarabu, haikuwa kiambishi chenu. Mkaikata, mkapata vitabu. Sasa ma ya maktaba mbona hamkuikata?"

Nikajibu kwamba ni mazoea ya wasemaji. Alinyamaza, lakini niliona hakuridhika, na mimi pia sikuridhika. Naomba anayeyajua haya anisaidie. Mgeni akikutana na neno la mkopo ambalo hajawahi kuliona, lililotoka Kiarabu au Kiingereza, anaweza kukisia ngeli yake kwa kuliangalia tu? Au ni kukariri neno kwa neno?

KalamuNyeusi

Mkuu, unajipa kazi bure. Neno la kigeni likija linakwenda I-ZI, basi. Kompyuta hii, kompyuta hizi. Redio, baiskeli, picha, tiketi, kalamu, dakika, sheria, habari. Kiarabu au Kiingereza, yote I-ZI. Hiyo vitabu ni ajali moja ya zamani, mwambie aikariri aendelee na maisha.

MtafutaNgeli

Ahsante KalamuNyeusi, lakini basi je? Mabasi. Shati, mashati. Kabati, makabati. Na upande wa Kiarabu kuna duka, maduka, na swali, maswali. Hizo si ajali moja.

KalamuNyeusi

Sawa, I-ZI na LI-YA. Bado nasimama palepale.

Mhariri_wa_Zamani

Nimehariri maandishi ya Kiswahili kwa miaka mingi na swali hili limekuwa mezani kwangu muda wote huo, kwa hiyo nitaandika kwa urefu kidogo. Mtanivumilia.

KalamuNyeusi ameshika nusu ya jambo, tena nusu kubwa. Neno lisilofanana na chochote chetu huingia I-ZI kwa sababu ngeli hiyo hailidai libadilike: umoja na wingi ni umbo lilelile, kinachobadilika ni maneno yanayolizunguka. LI-YA nayo haidai kiambishi kwenye umoja, ndiyo maana shati na basi ziliweza kukaa humo na kuchukua ma- zikiwa nyingi. Kati ya milango hiyo miwili sijui njia ya kukisia kwa hakika. Baiskeli ilikwenda huku, basi likaenda kule. Hapo mwanafunzi akariri, na akikosa, I-ZI haitamtia aibu sana.

Lakini hilo ni neno lisilofanana na chochote. Swali la yule mwanafunzi ni kuhusu neno ambalo mwanzo wake unafanana na kiambishi chetu, na hapo ndipo pana utaratibu. Mchukulie mzizi mmoja tu wa Kiarabu, ule wa k-t-b wenye maana ya kuandika. Tumeuchukua zaidi ya mara moja, na kila mara ukatua mahali pengine:

kitabu, vitabu
mkataba, mikataba
maktaba hii, maktaba hizi
katibu, makatibu

Mzizi ni mmoja na maana ni za jamaa moja, lakini mapatano ni manne tofauti. Kwa hiyo asili ya neno haikuamua lolote. Kilichoamua ni vile neno lilivyosikika kwenye sikio la Mswahili, na kama linamtaja mtu au la.

Kitabu kilisikika kama kiti na kisu, kikakatwa hapohapo. Na hatukukata kwenye wingi tu. Tukitaka kitabu kidogo tunasema kijitabu, kumaanisha tumeshakubali kwamba shina ni -tabu na ki ni nguo ya kuvuliwa. Mwarabu akisikia hilo anashangaa, maana kwake k ndiyo herufi ya kwanza ya mzizi.

Jicho_Pevu

Hili ndilo tatizo letu. Tunajadili namna ya kuyapa maneno ya kigeni vyumba badala ya kuuliza kwa nini tunayakopa. Kiswahili ni lugha ya Kibantu, kina maneno yake ya kutosha. Tungetumia yetu, huyo mwanafunzi asingechanganyikiwa.

MtafutaNgeli

Ndugu Jicho_Pevu, nakuelewa, lakini siulizi kama tukope au tusikope. Hata neno "maisha" ni la Kiarabu, na mwanafunzi wangu atalihitaji leo jioni. Nauliza yakishaingia yanakaa wapi.

FundiUmeme

Mimi si mtu wa lugha ila uzi umenigusa kwa sababu ya kazi yangu. Waya. Sisi kazini tunasema waya hii, waya hizi. Nikiandika maelezo ya kazi, anayenisimamia ananisahihisha kila mara: "nyaya". Nikamuuliza hiyo ny imetoka wapi, neno lenyewe ni la Kiingereza na halina ny. Akasema ndiyo Kiswahili sanifu. Mhariri, hii nayo ina maelezo au ni ubishi tu?

Mhariri_wa_Zamani

Fundi, umeleta mfano ninaoupenda kuliko yote. Ina maelezo mazuri.

Tuna maneno yetu kama wimbo na wembe. Wingi wake ni nyimbo na nyembe. Ile w mwanzoni ni kiambishi u- kilichokutana na irabu, na kwenye wingi hubadilika kuwa ny. Sasa likaja neno la Kiarabu wakt. Tukaongeza irabu zetu likawa wakati. Sikio likalisikia kama w-akati, dada yake w-imbo. Basi wingi ukawa nyakati. Kiarabu hakina ny popote kwenye neno hilo. Waraka nao ukapata nyaraka, na wadhifa ukapata nyadhifa. Angalia na sifa zinavyofuata: wakati mgumu, nyakati ngumu, sawasawa na wimbo mgumu, nyimbo ngumu.

Njia ilikuwa imeshachongwa na Kiarabu, ndipo waya wa Kiingereza ulipofika ukaipita: waya, nyaya. Ndiyo maana wengi wanasema "waya huu". Wewe na wenzako mnaosema "waya hii, waya hizi" mmelichukulia kama redio. Zote mbili ni njia za kweli za Kiswahili, isipokuwa moja ndiyo iliyoingia kwenye maandishi rasmi.

Anayejifunza

Samahani, mimi ninajifunza Kiswahili mwaka wa tatu. Nimesoma na nimefurahi sana. Nikajaribu kanuni ya mhariri: wizara, nyizara? Wilaya, nyilaya? Warsha, nyarsha? Waziri, nyaziri? Rafiki yangu alicheka. Nimekosea wapi?

Mhariri_wa_Zamani

Hukukosea, umeipima kanuni, na ndivyo inavyotakiwa. Kati ya hayo manne, moja tu lina sababu ya wazi. Waziri ni mtu, na mtu hafuati njia ya wimbo hata jina lake lianze na nini. Ni mawaziri.

Wizara, wilaya, warsha, na wiki ya Kiingereza, zote zimebaki I-ZI. Wizara hii, wizara hizi. Kundi la wakati na nyakati ni dogo. Kwa hiyo ukikutana na neno jipya la wa- au wi- ambalo si mtu, lifanye I-ZI, halafu kariri haya machache yenye ny. Niliyokupa ni maelezo ya yale yaliyopita mlango huo. Hayakupi ruhusa ya kuwapitisha wengine.

Anayejifunza

Ahsante mwalimu. Basi nina swali moja zaidi kuhusu watu. Niliandika "madaktari yamefika" kwa sababu daktari lina wingi wa ma-, kama kabati. Likasahihishwa kuwa "wamefika".

KalamuNyeusi

Hapo ni kweli wengi wanajichanganya. Daktari ni LI-YA lakini...

Mhariri_wa_Zamani

Nikukatize kidogo ndugu yangu. Si LI-YA. Ma- pale ni umbo la wingi tu, mapatano ni ya A-WA. Daktari amefika, madaktari wamefika. Hii ndiyo kanuni pekee katika uzi huu ambayo ningeiandika kwa wino mzito: angalia kwanza kama neno linamtaja mtu au mnyama. Likimtaja, kitenzi kimeshaamuliwa, ni a- na wa-, hata jina liwe na umbo gani. Katibu, wakili, waziri, rais na karani kwa upande mmoja. Kocha, dereva, meneja, refa na nesi kwa upande mwingine. Yote yanachukua ma- kwenye wingi na wa- kwenye kitenzi.

Kinachobaki kukisiwa ni wingi wa jina lenyewe. Jina likiwa na m mwanzoni inayosikika kama ya kwetu, litavua m na kuvaa wa. Muallim wa Kiarabu ni mfano mzuri: mu yake ilikuwa alama ya mtendaji hukohuko kwao, sisi tukaiona ni mu yetu ya mtu, ikawa mwalimu, walimu. Mhandisi, wahandisi, hali kadhalika. Na neno likija bila m hiyo ya mtu, wakati mwingine tunalipa: mmisionari, wamisionari. Hiyo m ya kwanza Kiingereza hakikuileta.

Ila "rafiki yangu", Anayejifunza, uliyoiandika mwenyewe hapo juu bila kusita, inakwepa. Kitenzi ni "rafiki amekuja" lakini umilikaji ni "yangu", kama ndugu yangu na mama yangu. Watu wa karibu nao wana mlango wao. Daktari ni "wangu".

MtafutaNgeli

Mhariri, nashukuru sana. Lakini hujamjibu bado mwanafunzi wangu. Ki ya kitabu tumeielewa, ma ya maktaba je?

Mhariri_wa_Zamani

Nilikuwa naikimbia kwa sababu ma ndiyo ngumu kuliko zote. Nianze na m peke yake, ndipo tofauti ionekane.

Kiarabu kina maneno mengi ya vifaa na mahali yanayoanza na mi- au ma-. Miswak, mismar, masjid. Yalipofika kwetu mengi yalipoteza irabu ile ya kwanza, m ikabaki imesimama mbele ya konsonanti: mswaki, msumari, msikiti. Imtihan ilipoteza hata i yake ya mbele ikawa mtihani. Sasa kwa Mswahili, m iliyosimama hivyo mbele ya s au t au k haina maana nyingine ila kiambishi. Mti, mkono, mto. Kwa hiyo hakuna neno lililoponyoka: miswaki, misumari, misikiti, mitihani, mikataba, mikasi, mistari, mishahara. Hapa mwanafunzi anaweza kukisia kwa ujasiri. Kitu kinachoanza na m na konsonanti ya namna hiyo, kikiwa cha mkopo, kipe mi-. Hata mshumaa, ambao kwa Kiarabu haukuwa na m kabisa, ukivishwa m unapata mishumaa.

Ma ni tofauti kwa kuwa irabu yake haikudondoka, na silabi nzima ya ma inaweza kuwa kiambishi au ikawa mwanzo tu wa neno. Tena kwetu ma ni alama ya wingi. Kukata ma ya maktaba ni kusema kwamba maktaba ni ktaba nyingi. Lakini neno lilikuja likitaja jengo moja. Mtu akiwa amesimama mbele ya jengo moja, sikio lake haliwezi kumwambia ni mengi. Mahakama hivyohivyo, madrasa hivyohivyo, na mashine ya Kiingereza hivyohivyo. Hakuna shine. Kitabu hakikuwa na shida hiyo, kwa sababu ki ni alama ya umoja na kilichoonyeshwa kilikuwa kimoja. Umbo na hesabu vilikubaliana.

Mwambie mwanafunzi wako hivyo: tunakata pale umbo na hesabu vinapokubaliana.

MtafutaNgeli

Nimeisoma mara tatu. Hili ndilo jibu nililokuwa nalitafuta. Lakini basi, kwa mantiki hiyo, jambo lisilohesabika linaloanza na ma lingeweza kuingia kwenye YA bila tatizo?

Mhariri_wa_Zamani

Na ndivyo ilivyo. Maisha marefu, maarifa makubwa, manufaa mengi, maradhi haya, masafa marefu. Kwa Kiarabu hayo yalikuwa umoja, lakini kwa kuwa hakuna anayehesabu maisha moja, mbili, tatu, ma haikugombana na chochote. Yakakaa pamoja na maji na mafuta.

Kuna mfano wa Kiingereza unaothibitisha kwa upande wa pili. Madigadi, yale ya kukinga matope kwenye magurudumu. Kiingereza kilikuwa na silabi ya kwanza yenye maana ya tope, na kilitaja kimoja. Lakini vitu hivi hukaa viwiliviwili. Aliyeyaona yako mawili akasikia ma, akahesabu, vikakubaliana. Moja likawa digadi. Mashine ingekuwa inakuja kwa jozi, labda leo tungekuwa na shine.

Anayejifunza

Mali? Mali haihesabiki lakini nimefundishwa "mali hii, mali yangu", si "mali haya". Na maana pia.

Mhariri_wa_Zamani

Umenibana, na ni halali. Mali na maana zinavunja. Nimewahi kufikiri ni kwa sababu ya ufupi wao, kwamba ukiondoa ma unabaki na kipande kidogo mno. Lakini mauti nayo ni fupi na watu husema "mauti yalimfika". Kwa hiyo lichukulie la kutohesabika kama mwelekeo wenye nguvu, na mali na maana uyakariri.

KalamuNyeusi

Na makala? Mimi naandika "makala hii", lakini nasoma "makala haya" kila siku, hata kwa waandishi wazuri. Makala inahesabika. Kwa kanuni yako ingebaki I-ZI bila mjadala.

Mhariri_wa_Zamani

Ingebaki, na mimi nasahihisha kuwa "makala hii". Lakini nakiri ninaowasahihisha wanaongezeka. Nadhani ma inavuta polepole, na neno linalotaja maandishi marefu lina uwingi fulani ndani yake, kama maelezo au maandishi. Mahari nayo inayumba vilevile, "mahari hii" na "mahari haya". Sitaapa kwamba miaka hamsini ijayo makala hii itakuwa hai.

Skrini_Ndogo

Naomba niingize langu kwa sababu lina tarehe ya mwisho. Natafsiri programu ya simu, na kuna neno kibodi, ile ya kuchapia. Mwenzangu ameandika "chagua kibodi chako" na "vibodi vyote". Mimi nimeandika "kibodi yako" na "kibodi zote". Tumegombana siku mbili. Kwa maelezo ya mhariri, kibodi ni kimoja, ki ni alama ya umoja, umbo na hesabu vimekubaliana. Basi mwenzangu ameshinda?

FundiUmeme

Huku barabarani wameshaamua siku nyingi. Kiplefti, viplefti. Na hilo lilikuwa amri nzima ya Kiingereza ya kumwambia dereva akae kushoto, maneno mawili, tukalimeza kama neno moja na tukalikata mbele.

KalamuNyeusi

Lakini kilo je? Kilo moja, kilo mbili. Hakuna aliyewahi kusema vilo viwili. Kilomita pia. Hapo ki imeonekana na haikukatwa.

Mhariri_wa_Zamani

Kilo ni hoja nzuri, ila ina jamaa zake. Mita, lita, tani, galoni, dakika: vipimo hukaa I-ZI kwa pamoja, na kilo imekaa na wenzake. Hapo maana imelishinda umbo, kama ilivyolishinda kwa watu.

Kibodi si kipimo. Kwa umbo, mwenzako ana hoja, na nisingeshangaa vibodi vikishinda. Lakini kuna jambo jingine. Kitabu na kibiriti vilizoeleka midomoni mwa watu wasioijua lugha ya asili, ndiyo maana walikata bila kusita. Kibodi imeletwa na watu wanaojua Kiingereza, wanaosikia bado kwamba ki pale ni neno zima lenye maana yake, na mkono wao unasita kulikata. Pia imekuja pamoja na kompyuta, skrini na programu, ambazo zote ni I-ZI. Nimeona "kibodi ya" mara nyingi zaidi kuliko "kibodi cha" kwenye skrini zenyewe. Kwa programu yako ningeandika kibodi yako, kwa sababu msomaji ameshaizoea hapohapo kwenye simu yake. Lakini sitamwita mwenzako mkosaji.

Skrini_Ndogo

Nitampelekea uzi huu. Yeye atasoma kipande cha kwanza, mimi cha pili.

Jicho_Pevu

Nimesoma yote. Bado napendelea baobonye kuliko kibodi. Ila sikujua kuhusu nyakati. Nilidhani ni neno letu tangu zamani.

MtafutaNgeli

Kesho nina darasa. Nimeamua nitaandika ubaoni katibu, kitabu, mkataba, maktaba, bila wingi wala vitenzi, niwaache wakisie wenyewe kwa mpangilio wa mhariri: kwanza ni mtu? Kama si mtu, mwanzo wake unafanana na kiambishi, na hesabu inakubali? Kama hapana, I-ZI. Nitarudi kuwaambia walivyofanya.

FundiUmeme

Mimi nimerudi na langu. Leo kazini nimesikiliza badala ya kubishana. Mzee mmoja tunayefanya naye alikuwa anaagiza vifaa, akasema "leta waya, hii imekwisha", akimaanisha ile iliyoviringishwa kwenye roli. Saa moja baadaye kaelekeza kidole darini akasema "hizo nyaya zimepita karibu mno". Mtu huyohuyo. Kwenye roli ni waya hii, haihesabiki. Zikishatandazwa moja moja zinakuwa nyaya. Mhariri, hii iko kwenye vitabu?

Mhariri_wa_Zamani

Sijawahi kuiona imeandikwa. Msikilize tena kesho, na uangalie kama wengine wanafanya hivyohivyo.